Tunafungua boksi: pawabanki ya 20,000 mAh

(Boksi mezani, mkasi mkononi)

Haya wapendwa, wale wa "dada tuonyeshe kilichomo kabla hatujatuma hela", leo nafungua mbele yenu, video sikati. Pawabanki ya 20,000, bei elfu 45, tupo Kariakoo.

(Toa kimoja kimoja)

Pawabanki yenyewe hii, waya mmoja wa taipu-C, na kikaratasi cha maelezo ambacho najua hutakisoma. Basi. Kichwa cha chaja hakimo jamani, nasema mapema maana kuna watu wananipigia eti tumewaibia kichwa. Na waya ni mfupi, sogeza kamera, kiganja na nusu tu, ukichaji usiseme utalala nayo kitandani.

(Geuza nyuma, kamera karibu)

Soma hapa: 3.7V, 74Wh. Hiyo 20,000 ni ya betri za ndani, umeme ukienda kwenye simu unapandishwa mpaka volti 5 na mwingine unapotea njiani kwa joto, kwa hiyo simu yako ya 5,000 inajaa kama mara mbili na nusu hivi, anayekwambia mara nne muulize kapimaje. Wa ndege, iko chini ya 100Wh, unabeba kwenye begi la mkononi, sio lile la kupakia.

Nyeupe zimeisha, zipo nyeusi tu. Dar unakagua mbele ya boda ndo unalipa, mikoani tanguliza hela ya basi.