Mfumuko Umeshuka, Mbona Bei Hazijashuka?

Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulifika asilimia 9.6. Oktoba 2024 ukawa umeteremka hadi asilimia 2.7. Serikali ilifurahi, na haki yake ilikuwa kufurahi. Lakini mama anayekwenda soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri kununua nyanya, vitunguu na viazi hakuona kilichoshuka. Unga uko juu, mafuta ya kupikia yako juu, nauli ndiyo ile ile. Mtu hapo huamua moja kati ya mawili: ama takwimu za uongo, ama wafanyabiashara walafi.

Walafi wapo, hilo silibishi. Ila hesabu hii haiwahitaji ili ieleweke.

Mfumuko wa bei si bei. Ni kasi ambayo bei zinapanda nayo. Asilimia 2.7 ya Oktoba 2024 maana yake ni kwamba vitu, kwa jumla, vilikuwa ghali kwa asilimia 2.7 kuliko Oktoba 2023. Bado vimepanda, ila vimepanda kidogo. Sisi watu wa Pwani tumezoea bahari: maji yakijaa, baada ya saa sita yamepwa, na mwamba uliofunikwa unauona tena. Bei hazina kupwa kwa namna hiyo. Kuna miaka zinajaa kwa nguvu na miaka zinajaa taratibu, lakini mwamba ule haurudi.

Tuifanye kwa shilingi. Chukua kapu la vitu vya nyumbani lililogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2021. Mwaka uliofuata, kwa asilimia 9.6, kapu lile lile likawa 1,096. Oktoba 2023 mfumuko ulikuwa asilimia 6.9, na hiyo 6.9 haihesabiwi juu ya 1,000 ya mwanzo bali juu ya 1,096, kwa hiyo tukafika 1,172 hivi. Ikaja 2024 na asilimia zake 2.7: 1,203. Oktoba 2025, asilimia 4.6: 1,259. Tazama vizuri mwaka 2024, ule wa habari njema. Hata mwaka huo kapu lilipanda shilingi 31. Kila mwaka hukaa juu ya mgongo wa mwaka uliotangulia, na ndiyo sababu mtu anayekumbuka bei za 2021 anaona amepotea njia ilhali anayesoma taarifa ya mwezi anaona mambo yametulia. Wote wawili wako sawa.

Ili bei za jumla zishuke kwelikweli, mfumuko ungehitaji kwenda chini ya sifuri na kukaa huko. Hilo likitokea nchi nzima mara nyingi ni dalili mbaya: watu hawanunui, maduka yanafunga, vibarua wanarudishwa nyumbani. Kitu kimoja kimoja hushuka, bila shaka. Nyanya hushuka mvua ikiwa nzuri, sukari hushuka viwanda vikisaga. Lakini kapu zima, nadra.

Kapu hilo ni la nani?

Anayepima ni Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS. Kila mwezi watu wake huzunguka masoko na maduka ya miji mbalimbali, Mombasa ikiwemo, wakiandika bei za vitu vile vile, na siku ya mwisho ya kazi ya mwezi taarifa inatoka. Si kila kitu kina uzito sawa. Chakula na vinywaji visivyo na kileo ni kama theluthi moja ya kapu. Nyumba, maji, umeme, gesi na makaa kwa pamoja ni kama asilimia 15, na usafiri karibu asilimia 10. Vilivyobaki ni nguo, simu, shule, dawa na kadhalika.

Sasa jiulize kama hiyo ndiyo nyumba yako. Familia ya Kisauni inayoishi kwa kibarua haitumii theluthi ya pesa zake kwa chakula. Inaweza kutumia asilimia 60 na zaidi. Oktoba 2022, wakati mfumuko wa jumla ukiwa 9.6, bei za chakula peke yake zilikuwa zimepanda kwa karibu asilimia 16. Ukiipigia hesabu familia ile kwa uzito wake yenyewe, mfumuko wake unafika kama asilimia 12. Tajiri wa Nyali, ambaye chakula ni sehemu ndogo ya matumizi yake, aliishi na mfumuko wa chini ya ule wa taifa. Nambari ni moja, nchi ni moja, lakini maumivu hayakugawanywa sawa, na nadhani hili lingefaa kusemwa kila taarifa inaposomwa.

Kuna pia kupanda kusikoonekana. Muuza mahamri anajua wateja wake wamezoea kutoa shilingi 10, na akisema 15 wataenda kibanda cha pili. Basi hapandishi. Anapunguza donge. Sabuni ya kipande nayo imekonda, biskuti kwenye pakiti zimepungua. Ukilipa bei ile ile kwa kitu kidogo zaidi, umepandishiwa bei.

Inatoka wapi?

Hapa kwetu mara nyingi haianzi na mtu mmoja kuamua. Ilivyokuwa 2022 ni mfano mzuri kwa sababu mambo yalirundikana. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu kadhaa mfululizo, mahindi yakaadimika. Februari mwaka huo Urusi ikaivamia Ukraine. Nchi hizo mbili ni wauzaji wakubwa wa ngano duniani, na vita vikapandisha pia mafuta, mbolea na mafuta ya kupikia. Unga wa kilo mbili ukavuka shilingi 200, hadi serikali ikatoa ruzuku Julai uuzwe shilingi 100 kwa muda mfupi kabla ya uchaguzi. Ruzuku haikuongeza hata gunia moja la mahindi. Ilipokwisha, bei ikarudi ilikokuwa.

Kisha dola. Mchele wa Pakistan, mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia, petroli, vyote vinaingia kwa bandari yetu na vyote vinalipiwa kwa dola. Mapema 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Katikati ya mwaka ilikuwa imeteremka hadi kama 130. Watu wa Mombasa, ambao wengi wana ndugu anayeshughulika na mizigo bandarini, waliuliza swali la haki: dola imeshuka, mbona mchele haukushuka kiasi hicho? Sehemu ya jibu ni kwamba mwenye ghala anauza shehena aliyoinunua kwa dola ya zamani. Sehemu nyingine ni kodi na gharama za njiani, ambazo hazikushuka na dola. Na sehemu ya tatu ndiyo wale walafi niliowataja: bei hupandishwa haraka na kushushwa kwa kusitasita, hasa pale wauzaji wa jumla ni wachache.

Mafuta ya gari yana habari yake. Tarehe 14 ya kila mwezi mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, hutangaza bei za juu kabisa zinazoruhusiwa, na Mombasa huwa chini kuliko Nairobi kwa kuwa meli inashushia hapa hapa. Hilo linamfaa mwenye tuktuk. Kwa sufuria halisaidii sana. Viazi, kabichi na karoti zinashuka kutoka bara kwa lori, mahindi yanatoka Bonde la Ufa, vitunguu na machungwa mengi yanavuka mpaka kutoka Tanzania. Kila lita ya dizeli iliyochomwa barabarani iko ndani ya bei ya viazi karai. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16, na iliingia kwenye chakula kwa njia hiyo hiyo ya lori.

Sababu nyingine ni pesa yenyewe kuwa nyingi kuliko vitu. Wazee wanaukumbuka mwaka 1993. Pesa zilikuwa zimemwagwa wakati wa uchaguzi wa Desemba 1992, kashfa ya Goldenberg, ya malipo ya serikali kwa dhahabu hewa, ikachota zake, na wastani wa mfumuko wa mwaka huo ukafika kama asilimia 46. Zimbabwe ilikwenda mbali zaidi, hadi mwaka 2009 ikachapisha noti ya dola trilioni 100.

Benki Kuu ya Kenya ina lengo la asilimia 5, ikiruhusiwa kusogea 2.5 juu au chini. Chombo chake kikuu ni riba. Mfumuko ukizidi inapandisha riba yake, benki zinafuata, mikopo inakuwa ghali, watu wanakopa na kununua kidogo, shilingi inapata nguvu. Mwaka 2011 mfumuko ulipofika asilimia 19.7 mwezi wa Novemba, riba hiyo ilitoka asilimia 7 Septemba hadi 18 Desemba. Mwaka mmoja baadaye mfumuko ulikuwa asilimia 3.2. Dawa ilifanya kazi, lakini waliokuwa na mikopo ya nyumba na magari waliinywa kwa machozi. Na ina mpaka: riba haileti mvua. Ukame ukipandisha unga, Benki Kuu inaweza tu kuzuia moto usienee kwenye vitu vingine.

Kwa mfanyakazi, jambo la kutazama ni jumla ya miaka, si taarifa ya mwezi mmoja. Karani wa duka aliyelipwa shilingi 30,000 Oktoba 2021, akapandishwa hadi 33,000 kufikia Oktoba 2025, ataambiwa na tajiri wake kwamba ameongezwa asilimia 10 wakati mfumuko ni 4.6 tu. Hesabu hiyo inalinganisha nyongeza ya miaka minne na mfumuko wa mwaka mmoja. Kapu limepanda karibu asilimia 26 katika miaka hiyo minne, kwa hiyo ili awe pale pale alipokuwa angehitaji kama 37,800. Elfu 33 zake za Oktoba 2025 zilinunua kile alichokuwa akinunua kwa elfu 26 na kidogo. Fahirisi za bei za kila mwezi, yaani nambari zinazoonyesha gharama ya kapu zima, ziko kwenye tovuti ya KNBS bila malipo: gawanya ya mwezi huu kwa ya mwezi ulipoajiriwa, zidisha kwa mshahara wako wa kwanza, uende nayo ofisini ikiwa imeandikwa kwenye karatasi.