Bata Thalathini
Hotuba ya kupokea tuzo ya uhifadhi wa maandiko ya kale, katika uwanja wa Ngome ya Lamu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ya tuzo, mashekhe na maustadhi, wazee wetu wa Mkomani na Langoni, mama zetu, wageni mliovuka maji kutoka Mokowe na Manda, na nyinyi wenzangu wa kazi mlioketi viti vya nyuma mkijifanya kwamba jambo hili haliwahusu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa dakika 10, na mkononi nina karatasi yenye majina 94. Sitaisoma. Nimewahi kuketi katika hafla moja, mbali na hapa, ambapo aliyetuzwa alisoma majina hata ubwabwa ukapoa. Na lilipofika jina langu mimi mwenyewe nilikwisha kuacha kusikiliza zamani, nikashtuliwa na kiwiko cha jirani. Sipendi kumtendea mtu yeyote hivyo, hasa mtu aliyenifanyia hisani.

Iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Baadhi ya waliotufungulia makasha yao walikubali kwa sharti kwamba majina yao yasitangazwe mbele ya watu, kwa kuwa mtu akijulikana kuwa ana maandiko ya kale nyumbani hupata wageni asiowaalika, wengine wakiwa na fedha mkononi. Waliokubali kutajwa wameandikwa kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, kushoto kwa lango mnapotoka. Waliokataa wanajijua, na wengine wao wamo humu uwanjani wakinitazama kwa jicho la kuniambia nisithubutu. Sithubutu.

Badala ya majina, naomba niwaeleze habari ya neno moja tu, kwa sababu neno hilo lilipita mikononi mwa karibu kila mtu aliyestahili kusimama hapa.

Miaka miwili iliyopita tulipelekewa daftari la nahodha mmoja wa zamani, lililokuwa limelala chini ya kanga na mavumba katika kasha la mjukuu wake wa kike. Ni daftari la hesabu za safari, lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu kwa karne nyingi. Katika ukurasa wa tisa pana mstari unaotaja shehena iliyopelekwa Mombasa. Mwanzoni mwa mstari ipo namba 30. Baada ya namba lipo tundu la mchwa, kubwa kama punje ya kunde. Baada ya tundu lipo neno lenye be, alifu, te, alifu.

Kijana wetu wa kunakili, ambaye ana bidii kuliko sisi sote na leo amevaa kanzu mpya, alisoma kama lilivyoandikwa: bata. Basi tukawa na bata thalathini waliosafiri kwa jahazi kwenda Mombasa, na kwa muda wa wiki nzima ofisi yetu haikuwa na mazungumzo mengine. Walilishwa nini njiani? Nahodha aliwafunga wapi? Picha ya ukurasa ule ingali imehifadhiwa katika kompyuta yetu kwa jina `bata30`, na nimekataza isibadilishwe.

Wa kwanza kutilia shaka alikuwa ustadhi wetu, ambaye amesomesha herufi hizi mjini kwa zaidi ya miaka 40. Alitukumbusha jambo tulilolijua tukalisahau kwa kucheka: hati ya Kiarabu haina herufi ya pe, na waandishi wetu wengi wa zamani walitumia be ileile kwa sauti ya b, ya p na ya mb, wakimwachia msomaji achague kwa akili yake na kwa lugha aliyonyonya. Kwa hiyo neno lile liliweza kuwa bata, au pata, au mbata. Ustadhi hakutuambia ni lipi. Alisema yeye anajua herufi, shehena waulizwe wenye shehena.

Tukamwendea mkwezi. Wengi wenu mnamjua, maana hakuna mnazi wa upande wa Shela ambao hajaupanda. Tulimsomea mstari mzima tukiwa tumesimama chini ya mti, naye akajibu kutoka juu, bila kushuka, kwamba hiyo ni mbata, nazi iliyokauka ikaachana na kifuu, na kwamba mzigo wa kupeleka kukamuliwa mafuta ulikuwa ndio huo. Kisha akatuuliza swali ambalo sisi wenye vyeti hatukulifikiria. Alisema: “Nazi huhesabiwa, mbata hupimwa. Kipimo chenu kiko wapi?”

Kipimo kilikuwa ndani ya tundu la mchwa.

Hapo kazi ikarudi mezani. Fundi wetu wa karatasi alikuwa amekwisha kuziba tundu lile kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga, kazi safi ya siku mbili; alipoambiwa kwamba huenda kingo za tundu zina alama, aliilowesha ile gundi na kuibandua kazi yake mwenyewe kwa kibano, kidogo kidogo, bila kusema neno. Naomba mlitafakari jambo hilo. Ni wangapi kati yetu tungekubali kubomoa kwa mikono yetu kitu tulichokwisha kukijenga vizuri, kwa sababu ya swali la mkwezi?

Mpiga picha akaweka taa ubavuni mwa meza, chini kabisa, karibu iguse karatasi, ili kila mkwaruzo wa kalamu utoe kivuli chake. Umeme ukakatika. Jirani wa pili kutoka ofisini, ambaye huuza samaki na ana mtambo wa jua wa kugandishia barafu, alitoa waya wake dirishani akaupitisha juu ya uchochoro hadi kwetu, na siku ile barafu yake ikayeyuka. Hakutudai hata senti. Chini ya mwanga ule, kwenye ukingo wa juu wa tundu, palionekana nukta moja na nusu ya kichwa cha herufi, na upande wa pili mkia mfupi ulioshuka chini ya mstari. Ustadhi aliinama, akavua miwani, akaivaa tena, akasema: fe na re. Frasila.

Frasila 30 za mbata. Kwa kuwa frasila moja ni kilo 16 hivi, huo ulikuwa mzigo wa karibu kilo 480, na ghafla daftari zima likafunguka, kwa maana maneno mengine sita tuliyokuwa tumeyaacha na alama ya kuuliza yalikuwa frasila vilevile, ila mwandishi alikuwa ameyafupisha. Bi mwenye kasha alipoelezwa, alicheka hata akashika ubavu, akasema babu yake alikuwa akiwachukia bata.

Mimi sikulisoma neno lile. Nilichofanya ni kuandika barua za kuomba fedha na kupiga simu, na ndiye niliyeitwa jukwaani, kwa sababu cheti hakina nafasi ya kuandikiwa watu 94.

Wako ambao neno lile halikuwafikia, lakini bila wao lisingefika mezani. Mwenye punda aliyebeba betri na sanduku la kamera kwenye vichochoro vyetu alimfunika mnyama wake macho kwa kitambaa kila walipokutana na shughuli za harusi, ili asishtuke akaangusha vioo. Nahodha wa mashua ya Pate alitungoja mara tatu. Na wanaoujua mkondo wa Mkanda wanajua kungoja huko ni kitu gani, kwani maji yakipwa mtu hulala kwenye matope mpaka yajae tena, na alilala nasi, akatupikia wali wa nazi juu ya jiko la makaa bila kutulaumu. Mabinti wanne waliochapa maelezo ya picha walifanya kazi hiyo usiku, wana wao wakilala magotini mwa bibi zao. Mhasibu wetu alinirudishia stakabadhi ya mkate wa mofa kwa kuwa haikuwa na tarehe, na kwa ukali wake huo hatujawahi kuulizwa swali tukakosa jibu.

Na yuko mama mmoja ambaye shukrani zake ni za namna ya peke yake. Tulipomwendea mara ya kwanza tulikuwa na mpango wa kukusanya maandiko yote na kuyaweka mahali pamoja. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatupa kahawa na halua, kisha akasema: “Kikitoka alfajiri, kirudi kabla ya adhuhuri. Kitabu si mgeni, hakilali nje.” Tuliondoka tumenuna. Baada ya mwezi mmoja tuliligeuza neno lake kuwa kanuni ya mradi mzima: maandiko hupigwa picha na kurudishwa nyumbani kwake siku ileile, na mwenye nyumba hupewa nakala. Kamati ya tuzo, katika barua yake, imeisifu kanuni hiyo kuliko kitu kingine chochote tulichofanya, ikaiita ubunifu wa uongozi wetu. Naomba kusahihisha kumbukumbu hiyo mbele ya mashahidi.

Nawashukuru pia wanakamati, kwa kuchagua kutukabidhi tuzo hii ndani ya kuta hizi. Ngome hii ilikuwa gereza hadi mwaka 1984, na baadhi ya wazee walioko hapa wanakumbuka kwamba watoto walikatazwa kuukaribia mlango wake. Kwa hiyo msishangae mkiwaona wawili watatu wakikaa karibu na njia ya kutokea.

Fedha zilizoambatana na tuzo zitanunua masanduku ya karatasi isiyo na asidi, moja kwa kila kasha tulilofunguliwa, ili chumvi ya upepo wa kusi na wadudu wapate kazi ngumu zaidi. Yatapelekwa majumbani na punda yuleyule.

Sasa naomba ustadhi, mkwezi, fundi wa karatasi, mpiga picha, jirani yetu wa samaki na kijana wetu wa bata wasogee mbele tukipokee cheti hiki pamoja. Kijana, usijifiche nyuma ya nguzo, tunakuona.

Wengine nyote, mkitoka pitieni ukutani mkajitazame. Pembeni mwa orodha tumefunga penseli kwa uzi. Aliyesahauliwa ajiandike mwenyewe, na atakayemwona mwenzake amesahauliwa amwandike. Chai na mahamri viko upande wa baharini.

Wassalaamu alaykum.