Baraka, kuhusu ile sufuria ya jana

Baraka ndugu yangu,

Jana barazani Mjomba alisimulia kisa cha Abunuwasi na sufuria, watu wakavunjika mbavu, wewe ukauliza, "Sasa huyo si tapeli tu?" Mjomba akakosa la kukujibu, na mara mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Swali lako lilikuwa la haki. Tena kisa kile nakipenda mno, siwezi kukubali kikupite hivihivi.

Kwanza, hukusimuliwa vizuri. Wote waliokuwa pale wamekulia Tanga, Abunuwasi wamemsikia tangu utotoni, kwa hiyo Mjomba alikisimulia mbiombio. Wewe ndiyo kwanza unakisikia. Mjomba akiwa na nafasi, hukisimulia hivi.

Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani yake, tajiri bahili. Anairudisha, na ndani yake mna kisufuria kidogo. "Hongera jirani, sufuria yako imejifungua salama." Jirani anakitazama kile kisufuria, anamtazama Abunuwasi, anasema, "Alhamdulillahi," anavipokea vyote viwili. Baada ya siku kadhaa Abunuwasi anakuja kuazima tena. Safari hii jirani anamletea mwenyewe hadi mlangoni: "Mwangalie vizuri, nadhani ana mimba tena huyu." Siku zinapita, sufuria hairudi. Jirani anaifuata. Abunuwasi anamtokea shavu mkononi, sauti imemkauka: "Makiwa, jirani. Sufuria yako imekufa." Jirani anapiga kelele: sufuria inakufaje? Wanafika kwa kadhi, na Abunuwasi anajibu kwamba kila kinachozaa hufa.

Ile "ana mimba tena" Mjomba jana aliiruka, na kwangu mimi kicheko kimelala humo. Jirani hakudanganywa. Anajua sufuria haizai, kama unavyojua wewe na kama ajuavyo mtoto wa darasa la kwanza. Aliuona uongo, akaona una faida kwake, akaupokea kwa shukrani, halafu akarudi kuuombea wa pili. Kwa hiyo anapofoka "umesikia wapi sufuria kufa?", maneno ni ya kweli kabisa, ila katika watu wote wa mji ule yeye peke yake ndiye hana haki ya kuyasema. Hapo ndipo tulipocheka.

Jaribu kukibadilisha uone. Chukulia siku ile ya kwanza jirani angesema, "Acha masihara, hiki kisufuria si changu, chukua chako." Kisha sufuria yake ikapotea na akaambiwa imekufa. Hakuna hata mmoja pale barazani angecheka. Tungesema ulivyosema wewe: Abunuwasi tapeli, na kadhi amfunge.

Na pale kwa kadhi, tazama mtu alivyobanwa. Akitaka kukana kifo, lazima akane na uzazi. Akikana uzazi, ataulizwa kile kisufuria kilichoko jikoni kwake ni cha nani, na alikipokea kwa sababu gani. Akinyamaza, sufuria imekwenda. Kamba iliyomfunga aliisokota mwenyewe siku aliposema alhamdulillahi. Abunuwasi hakuongeza neno lolote jipya, aliuendeleza tu ule uongo waliokubaliana wote wawili mpaka ukafika mahali ambapo jirani haupendi.

Halafu kuna ile pole ya msiba. Abunuwasi hasemi "imeharibika" wala "imeibiwa". Anaishikia sufuria matanga, kwa uso na sauti zilezile tunazokwenda nazo kwenye nyumba ya marehemu. Mjomba huweka kikombe chini kabla ya kusema "imekufa", akanyamaza kidogo, ndipo akaimalizia. Jana aliisema huku anamimina kahawa, ikapotea.

Ulichosema kuhusu utapeli sikikatai. Abunuwasi mwongo, na sufuria ya watu ameichukua. Lakini hatukumcheka aliyeibiwa, ndugu yangu. Tulimcheka aliyeikubali hesabu ilipomlipa akaikataa ilipomdai. Mtu wa namna hiyo yuko kila mahali, ndiyo maana Waturuki nao wanakisimulia kisa hikihiki kwa jina la Nasreddin Hoja, na Waarabu kwa jina la Juha. Abu Nuwas mwenyewe wa historia alikuwa mshairi wa Baghdad, zama za Harun Rashid. Huku pwani tumemfanya mtu wa mtaani kwetu.

Huenda bado usicheke, na kisa kilichoelezwa hivi kimeshapoa, nalijua hilo. Ijumaa baada ya Alasiri Mjomba atakuwepo barazani. Nimemwomba akusimulie cha yule aliyeuza ghorofa ya juu ya nyumba yake akabaki na ya chini, na nimemsihi asikimbie.