Soma hii kwanza kabla hujasaini: utafiti wa meseji za kukumbusha dawa za presha

Karatasi hii ni ya kwako, utabaki nayo. Ya kwanza tuliyoandika ilikuwa na kurasa 11 na watu wengi walikuwa wanafungua ukurasa wa mwisho tu na kuuliza "nisaini wapi?", sasa hapo mtu kakubali nini? Tukakaa na wagonjwa wenzako, tukaisoma kwa sauti, na kila walipokunja uso tukafuta tukaandika upya. Ukikuta bado kuna sehemu inakuchanganya tuambie, kosa ni letu sio lako. Kama kusoma ni shida, macho au shule, mwambie dada au kaka wa utafiti akusomee yote mpaka mwisho, na kama unataka mtu wako akae pembeni asikilize, mlete. Sio lazima ujibu leo. Nenda nayo nyumbani, lala nayo hata wiki nzima.

Tunataka kujua nini

Watu wengi wenye presha wanapewa dawa za kumeza kila siku, ila presha haiumi, mtu anajisikia mzima, basi dawa inasahaulika au anaamua apumzike kidogo. Tunataka kujua kama meseji ya kila siku kwenye simu inamsaidia mtu kumeza dawa zake na kama presha yake inashuka kweli. Hatujui jibu. Tungekuwa tunajua tusingekusumbua. Tunatafuta watu 240 wenye miaka 30 hadi 70 ambao tayari wanatumia dawa za presha, na ndio maana tumekufuata wewe.

Hatukupi dawa mpya na hatujaribu dawa yoyote kwako. Dawa ni zilezile za dokta wako. Pesa ya utafiti inatoka mfuko wa utafiti wa chuo, hakuna kampuni ya dawa wala ya simu iliyochangia.

Ukikubali, itakuwaje

Utakuja mara 3 ndani ya miezi 6: mwanzoni, mwezi wa 3 na mwezi wa 6. Kila ukija ni kama dakika 45. Tunapima presha mara 3, tunakuuliza maswali kuhusu unavyotumia dawa, na tunahesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo lako, kwahiyo uje nalo. Vikibaki vingi hatugombi, na tafadhali usivimwage ili hesabu ikae vizuri, tunataka ukweli tu. Mara ya kwanza na ya mwisho tunachukua damu mkononi, mililita 5, kama kijiko kimoja cha chai, kuangalia figo.

Siku ya kwanza kompyuta itapiga kura. Nusu ya watu watapata meseji kila siku saa waliyoichagua wenyewe, nusu hawatapata. Sio wewe unayechagua, sio sisi, na wala sio dokta wako, ni kama kurusha shilingi. Tunafanya hivyo kwa sababu tukiwaacha watu wachague, wale ambao tayari ni makini na dawa ndio watakaozitaka meseji, halafu tutazisifia kwa kazi ambazo hazikufanya. Ukiangukia kundi lisilo na meseji matibabu yako hayapungui hata kidogo. Kama unaona utakwazika sana usipozipata, afadhali useme mapema na ukatae tu, hamna shida.

Watu 30 kati ya hao 240 tutawaomba mazungumzo ya ziada kama saa moja, yanarekodiwa sauti. Hilo utaulizwa peke yake, unaweza kukubali utafiti ukakataa kurekodiwa.

Ubaya wake

Hapa usiruke.

Sindano inauma kidogo, pengine utabaki na alama ya bluu siku mbili tatu, na wapo wanaosikia kizunguzungu wakiona damu. Kama ni wewe sema, tutakulaza kwanza. Mara chache sana pale palipochomwa panaweza kuvimba na kuwa na usaha, ukiona hivyo rudi, utatibiwa na gharama ni yetu.

Lakini sindano sio kitu kinachotuumiza kichwa. Kinachotuumiza kichwa ni simu. Kuna watu wanatumia simu moja na mume au mke, wengine simu inashikwa na watoto, na sio kila mtu nyumbani anajua kwamba una presha. Kwahiyo meseji yetu haitaji dawa, haitaji presha, haitaji hospitali. Itasema tu "Muda wako umefika, siku njema". Bado mtu anaweza kuuliza huyu nani anayekutumia siku njema kila siku saa 2 usiku (mmoja wa wagonjwa waliotusaidia kuandika hapa alicheka mpaka machozi, akasema hiyo meseji itavunja ndoa ya watu). Basi fikiria kwanza nani anashika simu yako. Unaweza kubadilisha saa, au ukatuambia tuandike maneno mengine unayoyataka wewe.

Kingine, unaweza kupata habari usiyoitaka. Presha ikisoma 180 kwa 120 au zaidi tutakupumzisha tupime tena, ikibaki palepale utaonwa na dokta sikuhiyohiyo, hatukuachi uende hivihivi. Na figo zikionyesha tatizo tutakuambia wewe na, ukiruhusu, dokta wako. Kuna watu wanasema bora nisijue, na tunawaelewa, ila kwa hili hatuwezi kukaa kimya, kwahiyo kama hutaki kabisa kujua basi utafiti huu haukufai.

Maswali mengine yanaweza kukugusa, mfano kama umewahi kuacha dawa kwa kukosa hela au kwa msongo wa mawazo. Sema "pita" na tunapita, hatuulizi kwanini.

Faida

Kwako wewe inawezekana isiwepo. Tunasema hivi wazi kwa sababu neno utafiti likitajwa kliniki mtu anasikia matibabu bora. Utapimwa presha kila ukija na majibu ya damu utapewa, basi. Tutakachojifunza kinaweza kuwasaidia wengine baadae. Nauli ya kuja na kurudi tunalipa kila unapokuja, hayo sio malipo ya kukubali.

Nani ataona mambo yako

Jina lako linakaa kwenye orodha moja tu iliyofungiwa kabatini, kwingine kote wewe ni namba. Majibu na damu yako vinabeba namba. Sauti iliyorekodiwa inaandikwa kwenye karatasi, majina yanaondolewa, halafu sauti inafutwa. Karatasi zisizo na jina zinatunzwa miaka 5 kisha zinaharibiwa. Watu wa kamati ya maadili wanaweza kuja kukagua kazi yetu, nao wamefungwa na siri hiyohiyo.

Ila siri ina mpaka wake na ni vizuri uujue kabla hujaongea. Ukituambia unataka kujidhuru, au kuna mtoto anaumizwa, itabidi tumwambie mtu anayeweza kusaidia. Tutakuambia wewe kwanza kabla ya kufanya hivyo.

Damu ikibaki tungependa kuitunza kwa ajili ya kupima mambo mengine ya presha siku za mbele. Hili nalo ni swali la pembeni. Ukisema hapana, inayobaki inamwagwa maabara na wewe unaendelea na utafiti kama kawaida.

Kukataa, na kujitoa ukishaanza

Karatasi ya zamani hapa ilisema "ushiriki wako ni wa hiari na unaweza kuusitisha wakati wowote bila kuathiri haki zako za kimatibabu". Sentensi nzuri, ila tulipomuuliza mama mmoja inamaana gani akasema "kwamba nikiacha nitaulizwa". Sasa tunaandika hivi: hutaulizwa.

Unaweza kukataa leo. Unaweza kukubali leo ukaacha kesho, au ukaacha mwezi wa 5 wakati imebaki mara moja tu. Kusaini sio deni. Huna haja ya kutoa sababu, na dokta wala nesi anayekutibu hataambiwa na sisi kama ulikubali, ulikataa au uliacha, wakati wote utapata dawa zako na foleni yako ni ileile. Nauli uliyokwisha kupokea hairudishwi.

Kuacha ni rahisi: jibu meseji yoyote kwa neno BASI, au piga namba iliyo mgongoni mwa kadi tuliyokupa, au usije tu. Usipokuja tutapiga simu mara moja kujua kama u mzima, ukisema umeacha hatupigi tena. Ila ukiacha utafiti usiache dawa! Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na yale uliyokwisha kutupa? Ukisema tuyafute tunayafuta, na damu iliyobaki tunaimwaga. Lakini miezi 3 baada ya mtu wa mwisho kumaliza tutaichoma ile orodha ya majina, na kuanzia hapo hatuwezi tena kujua namba ipi ni wewe, kwahiyo hatutaweza kuyatoa hata ukiomba. Kama unataka yatoke, sema kabla.

Na sisi pia tunaweza kukuomba uache, mfano ukipata ujauzito, maana baadhi ya dawa za presha hazimfai mjamzito na dokta atabidi akubadilishie. Tutakueleza sababu.

Kwanini maneno yote haya

Kuna watu walishawahi kudanganywa. Kule Tuskegee, Alabama, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972 serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipojulikana kuwa inatibu hawakupewa. Ndio maana leo kuna kamati ya maadili, imesoma utafiti huu na kuuruhusu. Ukiona tumekutendea vibaya usituambie sisi, waambie wao, namba yao ni ya pili kwenye kadi yako, na hawapo chini yetu.

Kabla ya kusaini

Tutakuomba utuelezee kwa maneno yako mwenyewe: tunafanya nini, ubaya ni upi, na ukitaka kuacha unafanyaje. Sio mtihani wako, ni mtihani wetu, ukikwama ni sisi tuliofeli na tutarudia. Kisha utasomewa haya, na utajibu ndio au hapana kwa kila moja, peke yake:

Nimesoma au nimesomewa karatasi hii na maswali yangu yamejibiwa. Nakubali kuwa kwenye utafiti. Nakubali kutolewa damu mara 2. Nakubali kurekodiwa sauti nikichaguliwa. Nakubali damu itakayobaki itunzwe. Najua naweza kuacha siku yoyote bila kusema kwanini.

Ukisema hapana kwenye kurekodiwa au kutunza damu, bado unaweza kuendelea. Ukisema hapana kwenye mengine, tunakushukuru na tunaishia hapo. Asiyeandika ataweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye sio mtu wetu. Nakala mbili, moja yetu, moja unaondoka nayo.