TANGAZO KWA WAPANGAJI: KODI KULIPWA BENKI

Sinza, Dar es Salaam
14 Oktoba 2024

Ndugu wapangaji,

Kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, kodi ya vyumba na ya fremu mbili za mbele italipwa kwa kuhamishia fedha kwenye akaunti ya benki iliyoandikwa katika ukurasa wa kwanza wa mkataba wako, na sitapokea tena fedha taslimu, iwe mkononi mwangu, kwa mlinzi au kwa mwanafamilia yeyote.

Mnaweza kulipa kupitia simu, kwa wakala wa benki au tawini. Katika maelezo ya malipo, andika namba ya chumba na miezi unayolipia, kwa mfano "Chumba 4, Novemba hadi Januari", kwa sababu malipo yasiyo na maelezo hayo hunilazimu kukisia ni ya nani, na hapo ndipo ubishi huanzia.

Tafadhali tunza risiti ya benki au ujumbe wa simu wenye namba ya muamala hadi mkataba wako utakapokwisha, kisha nitumie nakala siku hiyohiyo ya malipo. Risiti za karatasi hufifia upesi, hivyo ni vema kuzipiga picha.

Ukipokea ujumbe wa kubadilisha namba ya akaunti, usilipe kabla ya kuonana nami ana kwa ana; mabadiliko ya namna hiyo nitayatoa kwa barua yenye sahihi yangu tu.

Wenu,
Mwenye nyumba