Ombi la kurejeshewa shilingi 411,000 za manunuzi yaliyofanywa na mtoto bila idhini yangu

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Tanga, 17 Juni 2025

Ndugu wahusika,

YAH: MANUNUZI 11 YA NDANI YA MCHEZO, JUMAMOSI TAREHE 14 JUNI 2025, KADI INAYOISHIA NA TARAKIMU 4071

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwenye akaunti iliyosajiliwa kwa anwani hii ya barua pepe ninayotumia kuwaandikia, na nimekuwa mteja wa duka lenu la programu tangu mwaka 2019. Ninaomba nirejeshewe shilingi 411,000 zilizokatwa kwenye kadi yangu jioni ya tarehe 14 Juni, kwa manunuzi 11 yaliyofanywa na mwanangu mwenye umri wa miaka 7, bila mimi kujua na bila mimi kuyaidhinisha. Ombi langu la kwanza nililituma kupitia fomu yenu asubuhi ya Jumapili tarehe 15, na jana nilipokea jibu la mstari mmoja kwamba ombi hilo “halikidhi masharti ya sera ya marejesho”. Jibu hilo halikueleza ni sharti gani ambalo halikutimizwa, wala halikugusa jambo lolote kati ya yale niliyoyaeleza. Kwa sababu hiyo naandika upya, kwa kirefu, na ninaomba safari hii ujumbe wangu usomwe na mtu.

Siku hiyo, saa 19:42 kwa saa inayoonekana kwenye risiti zenu, yaani saa moja na dakika arobaini na mbili usiku kwa hesabu yetu, nilinunua programu ya kumfundisha mtoto kusoma silabi kwa shilingi 5,000. Ununuzi huo niliufanya mwenyewe, niliweka neno langu la siri mwenyewe, na siuombei marejesho. Nilimpa mwanangu simu ajaribu masomo hayo nikaenda jikoni, kwa kuwa nyumbani tuna simu moja tu ya aina hiyo na hatuna kishikwambi cha watoto. Baada ya dakika chache aliziacha silabi akafungua mchezo wa kujenga vijiji ambao ulikuwa kwenye simu tangu Aprili, na ambao kwa miezi hiyo yote alikuwa akiucheza bila kununua kitu chochote, kama kumbukumbu za akaunti yangu zitakavyowathibitishia.

Kati ya saa 19:51 na saa 20:08, kwa muda wa dakika 17, kadi yangu ilitozwa mara 11: mara tatu shilingi 13,000, mara tano shilingi 27,000, mara mbili shilingi 54,000, na mara moja shilingi 129,000. Zote zilikuwa ni malipo ya mafungu ya almasi za kuchezea. Benki ilinitumia ujumbe kwa kila malipo, lakini ujumbe huo uliingia kwenye simu hiyo hiyo iliyokuwa mikononi mwa mtoto, naye alikuwa akiusukuma pembeni ili usimzibie mchezo.

Naomba mzingatie kwa makini jinsi nilivyokuja kugundua, kwa sababu ninaamini ndipo ulipo ushahidi wenye nguvu kuliko maelezo yangu yote. Saa 20:14 mwanangu alikuja jikoni akiwa ameshika simu, akaniambia, “Mama, inataka namba tena.” Skrini ilikuwa imesimama kwenye ununuzi wa kumi na mbili, wa shilingi 54,000, ikisubiri neno la siri. Mtoto hakuwa akilijua neno hilo, hakuwahi kulijua, na mara tu mfumo wenu ulipolidai hakuweza kuendelea. Manunuzi 11 yaliyotangulia yalipita kwa sababu hakuulizwa chochote. Mtu anayelijua neno la siri angeliandika na kuendelea, asingemfuata mama yake jikoni. Nimeambatisha picha ya skrini hiyo, niliyoipiga kwa simu ya jirani, na nina hakika kumbukumbu za mfumo wenu zinaonesha jaribio hilo lililoishia njiani.

Usiku ule ule nilifungua mipangilio ya akaunti na nikakuta kipengele cha uthibitisho wa manunuzi kimewekwa kwenye chaguo la “kila baada ya dakika 30”. Maana yake ni kwamba neno la siri nililoliweka saa 19:42 kwa ajili ya programu moja ya shilingi 5,000 liliacha mlango wazi hadi saa 20:12, kwa ununuzi wowote, wa kiasi chochote, mara nyingi kadiri mtu atakavyobonyeza. Sikumbuki kulichagua chaguo hilo, na nikikosea katika hili kumbukumbu zenu zitanisahihisha. Lakini jambo ambalo nina uhakika nalo ni kwamba wakati ninathibitisha ununuzi ule, skrini iliniambia jina la programu moja na bei moja, na haikuniambia kwamba kwa kuweka neno hilo nilikuwa naidhinisha pia manunuzi mengine yote ya nusu saa inayofuata. Idhini yangu ilikuwa ya shilingi 5,000. Siwezi kukubali kwamba niliidhinisha kitu ambacho sikuoneshwa.

Nilipomuuliza mwanangu kwa upole, alieleza kwamba alidhani anatumia almasi alizoshinda mwenyewe. Niliuchunguza mchezo huo kwa zaidi ya saa moja ili nijue kama maelezo yake yana ukweli, na nimeona yanao: almasi za kushinda na almasi za kununua zina sura moja na zinaingia kwenye sanduku moja, na mchezaji anapoishiwa, sanduku jipya hujitokeza katikati ya skrini likiwa na kitufe kikubwa cha kijani, huku bei ikiwa imeandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuhesabu hadi mia hana namna ya kujua kwamba 129,000 iliyoandikwa pale ni fedha za mama yake. Kwangu mimi fundi cherehani, fedha hizo ndizo zilikuwa za kununulia vitambaa vya sare za shule ambazo wazazi wanazisubiri kabla shule hazijafunguliwa Julai.

Nafahamu kwamba mnaweza kujibu kuwa akaunti ni ya mzazi na kwamba mzazi ndiye anayewajibika kwa kila kinachofanyika ndani yake. Wajibu wangu siukwepi: nilimwachia mtoto simu yenye kadi, na sitarudia. Hata hivyo, kuwajibika kwa malezi ya mtoto hakumaanishi kuwa mtoto ana uwezo wa kununua kwa niaba yangu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinataka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Aliyebonyeza kitufe hana uwezo huo kisheria, na mwenye uwezo huo, ambaye ni mimi, hakubonyeza wala hakuridhia.

Suala hili si geni katika biashara yenu. Januari 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Apple, iliyokubali kuwarejeshea wateja wasiopungua dola milioni 32.5 kwa manunuzi ya watoto ya ndani ya programu. Hoja kuu katika malalamiko hayo ilikuwa kwamba wazazi hawakuambiwa kuwa kuweka neno la siri mara moja kulifungua dakika 15 za kununua bila kuulizwa tena. Sisemi kwamba makubaliano ya Marekani yanawabana ninyi hapa Tanzania. Ninachosema ni kwamba udhaifu wa utaratibu huu umejulikana kwa zaidi ya miaka kumi, na kilichotokea nyumbani kwangu ni hicho hicho, isipokuwa muda uliofunguliwa ni mara mbili ya ule.

Hadi sasa nimechukua hatua zifuatazo kwa upande wangu. Nimeiondoa kadi kwenye akaunti, nimebadilisha mipangilio ili neno la siri lidaiwe kwa kila ununuzi, nimebadilisha neno lenyewe, na nimeufuta mchezo kwenye simu. Kabla ya kuufuta nilipiga picha ya sanduku la mchezaji, ambalo linaonesha kwamba sehemu kubwa ya almasi hizo haijatumika. Niko tayari ziondolewe zote, pamoja na majengo yaliyokwisha kununuliwa kwa almasi hizo. Niliwaandikia pia watengenezaji wa mchezo, nao wakajibu kwamba malipo hupokelewa na kurejeshwa na duka lenu, si na wao. Nakala ya jibu lao nimeiambatisha, pamoja na risiti zote 11 zenye namba za oda, taarifa ya benki ya siku hiyo, na ukurasa wa cheti cha kuzaliwa unaoonesha tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Jina la mtoto nimelifunika kwa makusudi, nanyi mkihitaji kuliona naomba mnieleze sababu na namna litakavyohifadhiwa.

Sijaiomba benki iyapinge malipo haya, ingawa wamenieleza kwamba utaratibu huo upo. Nimesita kwa sababu sitaki mgogoro utakaosababisha akaunti yangu ifungwe. Ndani yake mna picha za familia na vipimo vya wateja wangu wa miaka sita. Ningependa tulimalize baina yetu.

Kwa hiyo ninaomba shilingi 411,000 zirejeshwe kwenye kadi ile ile iliyotozwa, na si kwa njia ya salio la dukani, ambalo halitanisaidia kununua vitambaa. Ninaomba pia akaunti yangu isizuiwe wakati ombi hili linashughulikiwa. Iwapo mtaona kuna ununuzi wowote kati ya hayo 11 usiostahili kurejeshwa, tafadhali nitajieni namba yake ya oda na sharti mahususi la sera mlilolitumia, ili niweze kulijibu au kuliwasilisha mbele ya Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kumlinda mlaji hapa nchini. Nitasubiri jibu lenu hadi Jumanne tarehe 1 Julai 2025 kabla ya kuchukua hatua hiyo au kurudi benki.

Ombi la awali lina kumbukumbu namba 7-4418206. Mkitaka kuzungumza nami, napatikana kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Neno langu la siri sitalitaja kwa simu wala kwa maandishi.

Wenu mteja,

Mama Nasra
Mwenye akaunti na mzazi wa mtoto
Tanga, Tanzania

Viambatisho: risiti 11, taarifa ya benki ya tarehe 14 Juni 2025, picha ya skrini ya saa 20:14, picha ya sanduku la mchezaji, jibu la watengenezaji wa mchezo, ukurasa wa cheti cha kuzaliwa.