Ripoti ya wiki: eTIMS duka la Kirinyaga – naomba majibu mawili kabla ya Jumanne

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Habari ya jioni, Bosi,

Kwa kifupi: kila mteja wa duka la Kirinyaga sasa anapata ankara ya eTIMS, ila mtandao unatukatikia saa za wateja wengi. Kwako naomba mambo mawili: umpigie mwenye jengo simu kuhusu paa, na uidhinishe shilingi 8,500 za ruta ya laini ya simu. Mengine yote nayashughulikia mwenyewe.

YALIYOFANYIKA

- Bidhaa 1,146 kati ya 1,360 ziko kwenye mfumo. Zilizobaki 214 ni vitu vidogo vidogo: bushi, nati, klipu, oilsili.
- Makarani wote watatu wanatoa ankara bila kusaidiwa. Sasa wanaomba PIN ya mnunuzi kabla ya kuandika ankara. Wenye gereji walikuwa wakirudi kulalamika, kwa sababu ankara isiyo na PIN yao haiwasaidii kudai VAT. Tangu Jumatano hakuna aliyerudi. Wamejitahidi sana, na ningefurahi ukiwaambia wewe mwenyewe.
- Stoo ya Lunga Lunga: brekipedi na plagi zinalingana na mfumo. Fani belti 6 hazionekani, bado nafuatilia.

YALIYOKWAMA

1. Mtandao. Unapotea karibu kila siku kati ya saa tano na saa nane mchana. Mfumo wetu umeunganishwa na KRA kwa OSCU, na hiyo haitoi ankara bila mtandao. Jana fundi mmoja alikuja kuchukua bol joint mbili, gari la mteja wake likiwa juu ya jeki. Alishalipa kwa M-Pesa, akasimama kaunta akingoja ankara yenye msimbo wa QR, mwisho akaondoka bila hiyo. Karani alichukua namba yake akamtumia kwa WhatsApp mtandao uliporudi. Huyo alikuwa mvumilivu. Wengine walivuka barabara wakanunua kwa jirani, na waliobaki walimfokea karani kwa jambo lisilo kosa lake. Hili ndilo linaloniumiza zaidi wiki hii.

Fundi wa mtandao alikuja Jumatano. Kebo imechubuka juu ya paa, na keateka hafungui mlango wa paa bila ruhusa ya mwenye jengo. Nimempigia mwenye jengo, hapokei simu yangu. Yako atapokea.

Kuna njia ya kuhamia VSCU, ambayo huendelea kutoa ankara hata mtandao ukikatika kwa muda. Sishauri tuifanye sasa: itatulazimu kumrudisha mtengenezaji wa mfumo na kujaribu kila kitu upya, tena Desemba inakaribia na watu wanatengeneza magari ya kwenda mashambani. Ruta kwanza.

2. Herufi ya kodi. Bidhaa 37 ziliingizwa kwa herufi A (zisizotozwa VAT) badala ya B (asilimia 16). Zilizouzwa hivyo ni za shilingi 84,100, zote za wiki hii. Bei yetu ya kaunta ina kodi ndani, kwa hiyo mteja hadaiwi zaidi, lakini shilingi 11,600 ndani ya pesa hizo ni za KRA. Herufi zimerekebishwa leo. Kila ankara iliyoathirika itatolewa krediti noti, kisha ankara mpya.

3. Wauzaji wetu watatu wa jua kali bado wanatupa risiti za mkono. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kwenye kodi ya mapato. Sitaki tuwaache, kwa maana bushi zao ni imara kuliko za kuagiza. Wawili wamekubali kujaribu *222#. Wa tatu, mzee wetu wa siku nyingi, hataki. Sheria inaturuhusu kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5, mradi awe na PIN na akubali. Nitakaa naye.

WIKI IJAYO

- Jumatatu: krediti noti na ankara mpya zote. Mhasibu atazikagua jioni.
- Jumanne: ruta, ukiidhinisha. Paa likifunguliwa, fundi wa kebo yuko tayari siku hiyo hiyo.
- Jumatano: kwenda kwa mzee na wale wawili wa *222#.
- Hadi Ijumaa: bidhaa 214 zilizobaki. Herufi ya kodi itasomwa na watu wawili kabla ya kuhifadhiwa.

Duka la Gikomba lilipangwa kuanza tarehe 17. Naomba lisubiri mpaka Kirinyaga ipitishe wiki nzima bila kukatika.

Kesho niko stoo hadi saa saba mchana, simu iko wazi.

Msimamizi wa maduka